Bei Iliruka Usiku

Mackay, 6 Agosti

Baba Mkubwa Salvu,

Pole na baridi ya Melbourne. Baba ananiambia nisikupigie simu kwa sababu mara ya mwisho nilisema "hisa" wewe ukasikia "pizza", tukazungumza robo saa kila mtu na mada yake. Basi barua, kama zamani.

Huku kiwanda kinasaga miwa usiku na mchana. Nashinda maabara napima utamu wa juisi, nikipumzika nachungulia simu kuona Velloran imefika wapi. Ile hisa uliyonionyesha Pasaka, ukasema, "Marvic, hawa watu wa dawa ya moyo watazame." Nimewatazama! Nilinunua kwa dola tatu na senti sitini, leo ziko nne na senti thelathini. Nina hisa elfu nne.

Lakini napata hofu. Wenzangu maabara wananitania, eti, "Mama Hisa, ukianguka tukuokote wapi?" Wewe ulikaa meza ya dalali miaka thelathini. Nifanyeje nisiporomoke nikiwa nimevaa glavu na mikono imejaa juisi ya miwa?

Kuna jambo jingine. Jirani yetu, mzee Bugeja, anauza lile shamba la kando ya mto. Baba kila jioni anasimama kwenye uzio analitazama. Amekwisha kuuza mashine yake ya kuvunia, fedha zimekaa tu benki. Ningeweza kuzikuza kidogo, baba angelipata lile shamba.

Nisalimie Mama Mkubwa Tessie.

Mwanao,
Marvic

*

Melbourne, 15 Agosti

Mwanangu Marvic,

Heri ya Santa Marija, sikukuu ya Bikira Maria. Tumetoka misa sasa hivi, Tessie anachoma sungura jikoni, nami nimekaa na kalamu kama karani wa zamani.

Hofu yako ni ya mtu mwenye akili. Asiyeogopa soko bado hajaingia sokoni. Dawa yake ni moja: agizo la kukata hasara. Unamwambia dalali, "Bei ikigusa hapa, uza." Halafu unakwenda zako. Weka dola nne kamili. Bei ikishuka hadi hapo, mashine inakuuzia, wewe huku unapima miwa yako. Ni kufuli, mwanangu. Mlango ukifungwa kwa kufuli, mwenye nyumba hulala.

Kwenye fomu watakuuliza kama ukishafikia bei hiyo unataka kuuza kwa bei ya soko au kwa bei yenye kikomo. Chagua bei ya soko. Hiyo yenye kikomo inaweza kukuacha mlangoni bila mnunuzi.

Sasa kuhusu shamba la Bugeja. Baba yako nilimlea mimi tangu baba yetu alipofariki, nami ningependa kumwona akilima ardhi yake kabla magoti hayajamwishia nguvu. Kama una kufuli, unaogopa nini? Ongeza. Majibu ya majaribio ya dawa yao ni mambo ya karibu na Krismasi, muda upo. Watu wanaotajirika ni wale walioongeza wakati wengine wanasitasita.

Mwambie baba yako, Censu, nimesema hivyo.

Baba yako mkubwa,
Salvu Zammit

*

Mackay, 22 Agosti

Baba Mkubwa,

Barua yako nilimsomea baba mezani. Aliweka uma chini, akasema, "Salvu kasema hivyo?"

"Kasema hivyo, baba."

"Basi unaniuliza nini? Chukua."

Hakuuliza hata jina la kampuni. Mama aliguna tu. Jana nikanunua elfu tano nyingine, sasa ninazo elfu tisa, zote zina kufuli pale pale, dola nne, bei ya soko. Jana zilifunga nne na senti arobaini.

Nikubali jambo moja: tangu niweke agizo hilo nalala kama gogo. Juzi nilipitiwa hadi baba akagonga dirisha.

Ukija wakati wa Krismasi nitakupeleka kwenye lile shamba. Udongo wake mweusi kama kahawa.

Marvic

*

Mackay, 29 Agosti

Baba Mkubwa,

Sijui nianzie wapi. Nimewapigia simu, simu yenu inaita tu. Naandika nimekaa kwenye gari nje ya kiwanda.

Jana soko lilifungwa Velloran iko nne na senti arobaini na sita. Nililala. Wakati nimelala, huko Ulaya madaktari wa moyo wako kwenye mkutano wao, na mmoja wao akapanda jukwaani akasema dawa ya Velloran haijamsaidia mgonjwa yeyote kuliko kidonge bandia kisicho na dawa ndani. Ndivyo tu. Asubuhi kampuni ikaipeleka taarifa hiyo sokoni kabla halijafunguliwa.

Nilikuwa kazini. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nilipoitazama, soko lilikuwa bado halijafunguliwa lakini bei ya kukadiria inaonekana ikishuka: tatu na nusu, tatu kasoro, mbili na nusu. Nikajiambia, tulia, una kufuli dola nne. Baba Mkubwa, nilivua glavu nikatabasamu! Nikamwambia mwenzangu Leilani, "Leo ndiyo utaona faida ya kuwa na mjomba mjanja." Yeye kila ndugu wa baba anamwita mjomba.

Soko likafunguliwa kwa dola mbili na senti kumi.

Nne haikupita. Tatu haikupita. Bei iliruka kutoka nne na nusu hadi mbili kama mtu anayeruka ngazi zote. Ndipo agizo langu likaamka. Likauza kwa yeyote aliyekuwepo: kidogo kwa mbili na senti sita, kidogo kwa mbili na senti moja, na elfu tatu na mia tano za mwisho kwa dola moja na senti tisini na nne. Kufumba na kufumbua sina hata hisa moja. Kufikia mchana bei ikapanda tena mbili na senti thelathini, kama inanicheka.

Nimempigia dalali. Kijana mmoja, Kieran.

"Niliandika nne," nikamwambia. "Nne! Mmeniuzia moja na tisini."

"Dada, nne ni bei ya kuamsha agizo. Siyo bei ya kuuzia."

"Sasa kazi yake nini?"

"Limefanya kazi yake. Limeuza."

"Limeuza nini, ndugu yangu? Limenichinja!"

Akasema nikitaka niandike malalamiko.

Wameniibia. Lazima kuna mtu kazinunua hisa zangu kwa bei ya kutupa halafu akaziuza mchana. Wewe unawajua watu hawa. Nisaidie kuandika. Baba bado sijamwambia. Leo alikwenda kwa Bugeja na mkebe wa biskuti.

Marvic

*

Melbourne, 6 Septemba

Mwanangu,

Nimesikitika sana. Tessie ameniwashia mshumaa, eti moyo wangu usipige mbio.

Madalali wa siku hizi ni mashine, hawana utu. Enzi zetu mtu angekupigia simu kwanza. Andika malalamiko makali, wabane. Mimi siwezi kukusaidia kuandika, macho yananisumbua, na sheria zimebadilika tangu nistaafu.

Usimwambie baba yako kwa sasa, ana shinikizo la damu. Na usihuzunike kana kwamba uko peke yako. Sokoni tumeumia wote, mwanangu. Wote.

Salvu

*

Sydney, 19 Septemba

Kwa Bi. Marvic Zammit,

Malalamiko yako yamefika kwangu na nimeyapitia agizo lako hatua kwa hatua. Nitakueleza kwa lugha ya kawaida, kwa sababu nadhani mwenzangu alikujibu kwa ufupi mno.

Agizo la kukata hasara halikai sokoni. Linakaa kwenye mtambo wetu, limelala, linasubiri hisa iuzwe kwa bei uliyoitaja au chini yake. Soko likiwa limefungwa hakuna kinachouzwa, kwa hiyo usiku kucha agizo lako halikuwa na cha kuliamsha. Asubuhi, kabla ya kufunguliwa, maagizo ya wauzaji na wanunuzi hukusanywa na kulinganishwa, na wote wanaokutana hupata bei moja. Siku ile bei hiyo ilikuwa dola mbili na senti kumi. Agizo lako halikuwemo kwenye mkusanyiko huo. Liliamshwa na mauzo yale yale ya kwanza, kwa kuwa mbili na kumi iko chini ya nne, nalo likaingia sokoni likiwa agizo la kuuza kwa bei yoyote. Wateja wengi walikuwa na maagizo kama lako, yote yakaamka pamoja, wanunuzi wakawa wachache, bei ikashuka zaidi katika dakika ile. Bei ulizopata ndizo zilizokuwa juu kabisa kati ya walizokuwa wanatoa wanunuzi wakati huo. Nimekuambatishia orodha ya mauzo. Hakuna aliyeruka foleni.

Ungechagua kikomo cha, tuseme, tatu na tisini, usingeuza hata hisa moja siku ile, na leo ungekuwa unazo zikiwa dola moja na senti arobaini. Ungefuta agizo na kuuza mwenyewe kabla ya kufunguliwa, ungepata mbili na kumi. Hakuna njia iliyokuwa na nne ndani yake. Nne haikuwepo.

Kwa hiyo sitaweza kukulipa fidia. Una haki ya kwenda kwa msuluhishi wa nje, anwani yake iko chini.

Naongeza jambo ambalo si lazima niliseme. Umeandika kuwa aliyekushauri alifanya kazi ya udalali miaka thelathini, na alikuambia agizo hili ni kufuli. Mtu yeyote wa kazi hii anajua kwamba halilindi usiku unaotoka habari. Na habari ile ilikuwa na tarehe: ratiba ya mkutano wa madaktari iliwekwa hadharani mwanzoni mwa Agosti, jina la dawa likiwamo. Huenda mshauri wako hakuiona. Muulize.

Wako,
Hamish Dorrigan
Idara ya Malalamiko

*

Mackay, 25 Septemba

Mama Mkubwa Tessie mpendwa,

Baba Mkubwa hajanijibu barua mbili. Je, yu mzima? Macho yanaendeleaje? Aliniandikia kuwa hisa zile zimemuumiza na yeye, naogopa asije akaugua kwa mawazo. Mwambie simlaumu. Nina swali moja tu la kumuuliza, si la haraka.

Marvic

*

Melbourne, 3 Oktoba

Marvic wangu,

Ee mtoto mwenye moyo mzuri! Salvu mzima kama ng'ombe, yuko nje anagombana na mafundi wa bafu. Macho yake hayana kitu, jana kasoma gazeti zima bila miwani akamtukana kocha.

Na nani kakuambia ameumia? Umemwelewa vibaya, au kaandika kwa utani wake. Mtakatifu Maria mwenyewe alitusaidia. Siku ya Santa Marija tulitoka kanisani, akakaa kwenye kompyuta, akasema, "Tessie, hawa wana mkutano mwisho wa mwezi, mimi usiku ule simo." Akaanza kuuza siku ile ile. Haikuwa rahisi, maana alikuwa nazo nyingi na hisa ile haina wanunuzi wengi, akawa anauza kidogo kidogo wiki nzima asiishushe bei. Akimaliza sehemu ananiambia, "Bado wapo wanaonunua, Mungu awabariki." Zile za mwisho alizimaliza tarehe ishirini na moja. Fedha zake ndizo zinazotengeneza bafu, kwenye la zamani angevunjika kiuno.

Nilidhani na wewe mliuza pamoja! Si alikuandikia siku ile? Nilimwona na karatasi, sungura akapoa.

Njooni Krismasi, bafu litakuwa tayari.

Mama yako mkubwa,
Tessie

*

Mackay, 9 Oktoba

Baba Mkubwa,

Mama Mkubwa ameniandikia. Usimkemee, hakujua anasema nini.

Nimeisoma barua yako ya Santa Marija mara nyingi hadi imechanika kwenye mkunjo. "Majibu ya majaribio ya dawa yao ni mambo ya karibu na Krismasi." Asubuhi ile ile ulimwambia mkeo tarehe. Kalamu moja, meza moja, sungura mmoja. Kwangu Krismasi, kwake mwisho wa mwezi.

Mimi nilinunua tarehe ishirini na moja. Wewe ulimaliza kuuza tarehe ishirini na moja. Sokoni muuzaji hamjui mnunuzi, kwa hiyo sitajua kamwe kama zile elfu tano zilitoka mkononi mwako. Huenda hazikutoka. Lakini ulihitaji watu wa kununua, ukamwandikia mmoja aongeze. Ukaniambia niweke kufuli, nawe ukijua kufuli hilo halina mlango. Ulijua bei inaruka usiku. Umeishi na jambo hilo miaka thelathini.

Nililia kwa sababu ya dalali. Nilimwita mwizi mtu aliyeniambia ukweli, nikamwomba anisaidie mtu aliyeniuza. Na barua yangu ya tarehe ishirini na mbili ilipokufikia, ikisema baba ametoa fedha za mashine, ulikuwa bado na muda. Simu husikii, sawa. Mama Mkubwa anasikia. Neno moja tu, "Uza." Ningeuza nne na senti arobaini.

Fedha nitazitafuta, nina miaka ishirini na sita. Ninachotaka ni kimoja. Baba hajui. Nimemwambia hisa zimeanguka, basi. Hakunikaripia. Alisema, "Kama Salvu mwenyewe hakuona, ungeona wewe?" Kisha akaenda kumwambia Bugeja auzie mtu mwingine.

Mwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia, kwa sababu wewe ndiwe uliyemlea, na mimi sitaki kuwa mtu aliyemnyang'anya baba yake wa pili. Hiyo ni kazi yako.

Marvic

*

Melbourne, 20 Oktoba

Marvic,

Umeandika kama wakili. Sikujua una ulimi huo.

Sikukuuza. Ningeweza kukosea. Dawa ingefaulu, bei ingefika dola saba, nawe ungenibusu mikono. Nilikuwa na fedha zote za uzee wetu mle ndani, Tessie hajui. Nilipoiona ile ratiba nikaanza kuuza. Mzee anayezama hashiki ubao kwa adabu. Kuhusu "ongeza", nilitaka bei isimame hadi nimalize, na nilijiambia dola nne itakuokoa. Mtu hujiambia mengi.

Barua yako kuhusu fedha za baba yako ilinifikia siku moja kabla ya mkutano. Niliisoma nikaiweka mfukoni. Nilisema, labda dawa itafanya kazi. Nilisali ifanye kazi. Hilo hutaliamini, lakini ni kweli.

Usiniombe nimwambie Censu. Ana shinikizo la damu, na ana ndugu mmoja tu duniani. Ukweli utamrudishia shamba? Utamwondolea ndugu tu. Fikiri, wewe ni msomi. Mtu mmoja akibeba mzigo huu, wote wanakaa mezani.

Salvu

*

Mackay, 28 Oktoba

Baba Mkubwa,

Umenijibu. Mtu huyo mmoja wa kubeba nimemjua: ni mimi.

Marvic

*

Mackay, 19 Novemba

Kaka yangu Salvu,

Unajua mimi na kalamu hatupatani, kwa hiyo nitasema kifupi. Mavuno yamekwisha salama, mvua imekuja kwa wakati. Shamba la Bugeja limechukuliwa na watu wa Brisbane, wameweka uzio mpya, mzuri kweli.

Nakuandikia kuhusu Marvic. Tangu mambo ya zile hisa, mtoto amebadilika. Kazini anakwenda, anarudi, hasemi. Jana nilimuuliza mbele ya mama yake, nikamwambia, "Hebu niambie, Salvu alikuonya, hukusikia, ndivyo?" Maana nimewaza sana, kaka. Wewe usingekosa kuona jambo kama lile, wewe uliyekuwa unaniambia mvua ya sokoni kabla mawingu hayajaja.

Akasema, "Ndiyo, baba. Alinionya."

"Kwa nini hukumsikiliza?"

"Nilikuwa na tamaa."

Salvu, nilikasirika. Sijawahi kumpandishia sauti mtoto yule, jana nilimpandishia. Nilimwambia amenitia aibu mbele ya kaka yangu, kwamba mtu anajitolea kumfundisha naye anafanya kiburi. Nilimwambia asiguse tena senti ya nyumba hii, na ufunguo wa kasha nimeuchukua. Aliosha vyombo akaenda kulala. Mama yake hasemi nami tangu jana, sijui kwa nini. Wanawake.

Nakuomba radhi kwa niaba yake. Najua umeumia kwa ajili yetu, ndiyo maana umekaa kimya. Usimwekee kinyongo, ni kijana. Njooni Krismasi wewe na Tessie. Nitamwambia akuombe radhi mezani, mbele yetu wote, ili yaishe.

Hakuna siku nisiyomshukuru Mungu kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Censu

*

Melbourne, 27 Novemba

Mdogo wangu Censu,

Barua yako imenitoa machozi. Tutakuja. Tessie ameshanunua tiketi, tunafika tarehe ishirini na tatu mchana, utupokee uwanja wa ndege.

Usimkaripie tena Marvic, mtoto ni mtoto. Wala hakuna haja ya kuniomba radhi mezani, mwache ale kwa amani. Mimi nimekwisha kumsamehe.

Kaka yako,
Salvu